Mufuko kwa mufuko si malipo

Kila musimu A, kati ya Septemba na Oktoba, tunapokea habari moja kutoka koperative za upande wa Mabalako na Mangina. Mukulima amenunua mbegu ya mahindi mjini Butembo ao Beni, amepanda, mvua imenyesha, na shamba limebaki wazi kama kipara. Anarudi kwa muuzishaji. Muuzishaji, kama ni mutu wa roho nzuri, anamupa mufuko mwingine wa mbegu na kumwambia: «Pole ndugu, mambo ya Mungu.» Mukulima anashukuru, na mambo yanaisha.

Sisi tunaona kwamba mambo hayo hayapashwi kuisha hivyo. Mukulima hakupoteza mbegu peke yake, alipoteza mavuno, na mavuno yana bei inayoweza kuhesabiwa. Lakini tunasema pia, na hii haitapendeza wote: wakulima wengi wanaodai wanashindwa kwa sababu yao wenyewe. Wanachelewa, hawana karatasi, na wakifika kwa mazungumuzo wanataja hesabu isiyoaminika. Mutu analima nusu hekta, anadai tani 2. Muuzishaji anacheka, na ana haki ya kucheka.

Basi tuchukue mufano mumoja na tuufuate mpaka mwisho. Bei tunazotaja ni za mufano tu, mutaweka zenu.

Mukulima wetu ana nusu hekta. Amenunua kilo 12 za mbegu ya mahindi kwa franka 4,000 kilo moja, jumla franka 48,000. Amepanda kwa sentimetre 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Mahindi yakiwa na maji ya kutosha, katika joto la kwetu, yanatoka ardhini ndani ya siku tano mpaka nane. Siku ya kumi anaona kitu kidogo sana kimetoka. Kesi yake inaanza siku hiyo, si siku ya kuvuna.

Jambo la kwanza ni kuhesabu, na si kusema «haikuota». Apime metre 10 kwenye mustari mumoja. Ndani ya metre hizo kuna mashimo 20, ni kusema mbegu 40. Ahesabu mimea iliyotoka. Afanye vile mahali tano katika shamba, si pale pabaya tu, na mashahidi wawili wasimame naye. Tuseme anapata kwa katikati mimea 12 juu ya 40. Hiyo ni 30 kwa mia. Kisha aende kwa jirani aliyepanda wiki ileile mbegu ingine, ahesabu kwa njia ileile. Kule anakuta 34 juu ya 40, ni kusema 85 kwa mia. Mvua ni ileile na udongo ni uleule. Sasa ana kitu cha kusema.

(Kwa wale wanaopanda mahindi katikati ya kakao changa, kama wengi wa Mabalako: msihesabu ukubwa wa shamba, hesabuni mistari ya mahindi. Hekta ya kakao si hekta ya mahindi, na muuzishaji mwenye akili ataona hilo haraka.)

Jambo la pili ni kufukua, na hapa ndipo ukweli unapatikana. Mahali ambapo hakuna kitu kilichotoka, fukua mashimo 20 polepole kwa kisu na uangalie kilichobaki. Shimo likiwa tupu kabisa, mbegu imeliwa na panya, kuku ao ndege, na muuzishaji hana kosa. Mbegu ikiwa kavu na ngumu kama ulivyoiweka, haikupata maji. Ukikuta chipukizi jeupe limejikunja chini ya udongo mugumu, mbegu ilikuwa nzima, wewe ulipanda chini sana ao mvua kali ilifunga udongo juu yake. Lakini ukikuta mbegu imevimba, imekuwa laini, ina kuvu, na hakuna muzizi hata mumoja uliotoka, wakati jirani yako ameotesha vizuri kwenye udongo wa namna moja, hapo mbegu ilikuwa imekufa mbele ya kufika kwako. Tazama pia kama kiini kimetobolewa na wadudu: ni alama ya gala mubaya.

Andikeni hesabu: juu ya mashimo 20, mangapi yalikuwa matupu, mangapi yalikuwa na mbegu iliyooza, mangapi yalikuwa na chipukizi. Kama 4 ni matupu na 14 yana mbegu iliyooza, semeni hivyo na yale 4 matupu muyaandike pia. Karatasi inayokubali sehemu ya panya inaaminika kuliko ile inayosema yote ni kosa la muuzishaji.

Jambo la tatu ni mbegu yenyewe. Wengi wanapanda mpaka punje ya mwisho, na mufuko wanautumia kuweka chumvi. Hapo kesi imekufa. Mufuko na etiketi yake ndiyo vinasema namba ya loti, mwaka, siku ya kupimwa na kiasi cha kuota kilichoahidiwa. Bila hivyo, muuzishaji atasema: «Mbegu hiyo si ya kwangu.» Tena kuna wale wanaonunua kwa kilo, kwenye beseni ao mufuko uliofunguliwa. Ni rahisi kidogo, tunajua. Lakini mutu huyo amenunua nafaka isiyo na jina, na hatuna namna ya kumusaidia.

Kama kumebaki hata nusu kilo, igawanye mara tatu mbele ya mashahidi. Kila sehemu ifungwe ndani ya bahasha ya karatasi, si sashe ya plastiki, kwa sababu plastiki inafunga unyevu na mbegu itaoza kabla ya kupimwa. Wote watie sahihi juu ya mahali ilipofungwa. Sehemu moja ni ya muuzishaji, moja inabaki kwa koperative, moja inaenda kwa SENASEM, ile idara ya serikali inayopima na kutoa sertifika ya mbegu. Wakati munangojea jibu lao, koperative inaweza kujipimia: mbegu 100 ndani ya muchanga wenye unyevu, ao ndani ya kitambaa kilicholowa, mahali pasipo jua kali, na kuhesabu siku ya saba. Kipimo hicho si cha laboratwari. Kikionyesha 82 wakati etiketi inasema 90, hakisemi kitu, bahati tu inaweza kuleta tofauti hiyo. Kikionyesha 35, kinasema mengi.

Sasa kuna shida ambayo inasumbua kila mutu: mvua haingoji. Kama mukulima akikaa akimungojea muuzishaji aje kuona, musimu unapita. Kama akipanda tena kesho, anafuta alama za kesi yake. Tunashauri hivi. Siku ya kumi andika barua, ao ujumbe wa telefone wenye foto, umuombe muuzishaji afike ndani ya siku tatu. Umuite agronomu wa eneo na shefu wa localite, waandike walichoona na kutia sahihi. Siku tatu zikipita, pandeni tena, lakini muache mistari mitano bila kuigusa mpaka mavuno. Mistari hiyo mitano itasema mbele ya kila mutu, hata miezi mitatu nyuma.

Na kupanda tena si hiari. Mutu aliyeumizwa anapashwa kupunguza hasara yake kama anaweza. Yule anayeacha shamba wazi musimu wote ili deni likue ataulizwa: «Kwa nini haukupanda hata maharagi?» Kama mvua ilikuwa imekwisha kweli, ni jibu zuri. Kama haikuwa imekwisha, atalipwa kidogo.

Tuje kwa hesabu. Mukulima wetu alipanda tena siku ya 14 na kilo 12 za mahindi yake ya nyumbani. Kwa kuchelewa na kwa mbegu dhaifu kidogo, anavuna kilo 360. Angevuna ngapi? Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanachukua hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi ya matangazo ya mbegu, tani 4 ao 5 kwa hekta. Hiyo ni mavuno ya shamba lenye mbolea, palizi ya wakati na udongo mupya. Kipimo cha kweli ni majirani: mashamba matatu, yaliyopandwa wiki ileile, kwa jembe lilelile, yaliyopimwa kwa mizani ya koperative mbele ya watu. Tuseme yameleta, kwa nusu hekta, kilo 480, 540 na 600. Katikati ni 540. Kama koperative ina daftari inayoonyesha kwamba mukulima huyu mwenyewe alileta kilo 530 ao 550 miaka iliyopita, hesabu inakuwa na miguu miwili ya kusimamia.

Hasara ya mavuno ni 540 kutoa 360, ni kilo 180. Bei gani? Si bei ya Mei wakati watu wana njaa na mahindi yamepanda. Ni bei ya sokoni pale majirani walipouzisha, iliyoandikwa na wanunuzi wawili ao watatu wa Mangina. Tuseme franka 800 kwa kilo. Kilo 180 ni franka 144,000.

Juu yake tunaongeza kile alichotumia kwa sababu ya kosa: mbegu ya kupanda tena, kilo 12 kwa franka 800, ni 9,600, na kazi ya siku sita za watu kwa 5,000, ni 30,000. Kisha tunaondoa kile ambacho hakutumia. Kilo 180 hazikuvunwa, hazikupukuswa, hazikubebwa mpaka sokoni, na kazi hiyo, tuseme franka 100 kwa kilo, ingemugarimu 18,000. Inabaki franka 165,600.

Mutauliza: na zile 48,000 za mbegu? Hazimo, na tulizitoa kwa kusudi. Ili avune zile kilo 540, angelipa mbegu hata hivyo. Anayedai mavuno yote pamoja na bei ya mbegu anadai mara mbili, na kila avoka wa muuzishaji atalionyesha hilo katika dakika ya kwanza. Uchague: urudishiwe bei ya mbegu, ao ulipwe mavuno yaliyopotea. Mufuko mwingine wa mbegu ukiwa umepokelewa, bei yake itatolewa katika deni, ndiyo maana tunasema: ukiupokea, andika kwenye karatasi kwamba ni sehemu ya malipo na si mwisho wa mambo.

Franka 48,000 na franka 165,600: ndiyo tofauti kati ya mufuko kwa mufuko na hasara ya kweli. Haiko milioni. Lakini ni ada ya shule ya mutoto, ao dawa ya musimu.

Je, sheria inasema nini? Kitabu cha tatu cha Kodi sivile yetu, cha 30 Julai 1888, kinamubebesha muuzishaji kasoro iliyofichika katika kitu alichouzisha, kama kasoro hiyo inafanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mbegu isiyoota ni mufano ulio wazi. Lakini mushikilie mambo mawili. La kwanza: lazima kudai upesi, sheria inataka muda mufupi. La pili ni zito zaidi. Kama muuzishaji hakujua kasoro, anarudisha bei na garama za kununua. Kama alijua, analipa hasara yote. Kwa hiyo vita kubwa si juu ya kuota peke yake, ni juu ya alichojua. Etiketi ilikuwa imepitisha wakati? Mifuko ilikaa musimu mzima chini ya mabati yenye joto? Wakulima wengine walikuwa wamelalamika juu ya loti ileile wiki mbili mbele, na yeye akaendelea kuuzisha? Avoka anaweza pia kusema kwamba mutu ambaye kuuzisha mbegu ndiyo kazi yake anapashwa kujua anachouzisha. Lakini yule aliye na barua ya mukulima wa kwanza, yenye siku na sahihi, hana haja ya kubishana sana.

Muuzishaji naye ana silaha yake: maneno madogo nyuma ya fakitire, yanayosema kwamba hatalipa zaidi ya bei ya mbegu. Juu ya hayo kuna kesi moja ya Uingereza inayofaa kujulikana. Mwaka 1973 wakulima wa kampuni ya George Mitchell waliagiza kwa Finney Lock Seeds ratili 30 za mbegu ya kabichi, kwa pauni 201.60. Walipanda eka 63. Mimea ilitoka, lakini kabichi hazikufunga, zilikuwa majani matupu, na shamba lote likalimwa chini. Hasara ilihesabiwa kuwa pauni zaidi ya 61,000. Muuzishaji akaonyesha fakitire yake: tunarudisha bei ya mbegu tu. Mwaka 1983 tribinali ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa maneno hayo kwa sababu hayakuwa ya haki. Sababu moja ilitoka kwa wauzishaji wenyewe: walikubali kwamba wakiona malalamiko ni ya kweli, walikuwa na desturi ya kuzungumuza na kulipa zaidi. Tena waliweza kujilinda kwa asiransi, bila kupandisha sana bei ya mbegu.

Hukumu hiyo haifungi tribinali ya Beni. Na ilichukua miaka kumi, jambo ambalo mukulima wa Mabalako hawezi kubeba. Kwa franka 165,600, nani atapanda pikipiki mara tano mpaka tribinali ya amani na kulipa avoka? Hatumushauri mutu mumoja afanye hivyo. Lakini loti moja ya mbegu haiendi kwa mutu mumoja. Kama wanachama 14 walinunua loti ileile, kila mumoja akiwa na karatasi yake ya hesabu, hiyo ni zaidi ya franka milioni 2, na muuzishaji anayeketi mbele ya karatasi 14 zenye namba moja ya loti anazungumuza kwa namna ingine kabisa. Mara nyingi mambo hayo yataishia barazani, mbele ya shefu, na hilo si baya. Karatasi zilezile zinafaa barazani kama zinavyofaa kwenye tribinali.

Kazi ya koperative basi ni ndogo na ya kuchosha. Siku mbegu inapofika, mbele ya kugawanywa, ichukue nusu kilo kutoka kila loti, ifunge kwenye bahasha, itie sahihi pamoja na muuzishaji kama yuko, na iiweke mahali pakavu mpaka mavuno. Iandike namba ya loti karibu na jina la kila aliyepokea. Ihifadhi fakitire moja yenye jina la mbegu, uzito, loti na siku.

Inabaki jambo moja linalotugusa sisi, mashirika ya musaada, na tungekuwa waongo kulificha. Sisi pia tunagawa mbegu, na mara nyingi tunagawa bure. Mukulima anatia kidole kwenye liste, anabeba kilo zake, na hana fakitire wala mukataba. Mbegu yetu isipoota, atamudai nani? Yule aliyeuzisha hakumuuzishia yeye. Sisi tulionunua hatukupoteza mavuno. Na liste yetu, mpaka musimu uliopita, ilikuwa na jina, kijiji na kilo, bila namba ya loti. Tumewahi kusikia wakulima wakisema shamba limebaki wazi, na jibu letu lilikuwa lilelile la muuzishaji: chukua mufuko mwingine.

Kuanzia musimu B ujao tunaongeza koloni ya loti kwenye liste zetu, na bahasha ya sampuli itabaki kwa kila koperative, si ofisini kwetu. Katika mikataba yetu na wauzishaji tunataka iandikwe kwamba mukulima aliyepokea mbegu anaweza kudai hasara yake mwenyewe, kwa hesabu ya majirani watatu kama tulivyoeleza hapa juu. Wauzishaji wawili wamekwisha kutuambia kwamba bei itapanda. Tumewauliza itapanda kwa kiasi gani, na tunangojea jibu lao kwa maandishi.